Gari Limetoka Getini Mchana Kweupe: Namna ya Kusoma Wizi wa Yadini

Jumatatu asubuhi, saa 1:10, dereva anafika yadini kuchukua Canter anayoendesha kila siku na kukuta nafasi namba 6 iko wazi. Anadhani mwenzake ameitangulia kuichukua. Anauliza getini, mlinzi hajui. Anakwenda ofisi ya usafirishaji, na ufunguo wa gari unaning'inia kwenye msumari wake. Baada ya nusu saa mkuu wa usafirishaji yuko kituo cha polisi akieleza kwamba gari la kampuni limeibwa usiku wa kuamkia Jumatatu, na kwamba walinzi wawili waliokuwa zamu hawana maelezo.

Sentensi hiyo ina makosa matatu. Gari halikuibwa usiku. Walinzi wale wawili hawakuwa zamu lilipotoka. Na kumbe maelezo yapo, yamekaa yadini kwa maandishi na kwa picha, ila hakuna aliyeyasoma pamoja.

Kisa hiki si cha kampuni moja. Nimekipanga kutokana na mambo yanayojirudia katika yadi nyingi ili msomaji aone jinsi wizi wa namna hii unavyosomwa. Tuiweke yadi yetu pembezoni mwa Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Ina magari tisa, geti moja, kabati la funguo na kamera nane. Walinzi hubadilishana zamu saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kinachotuhusu zaidi ni kwamba maelezo mabaya ya wizi hayaishii kwenye kupoteza gari. Mara nyingi huwaweka ndani watu wasiohusika, na wa kwanza kuwekwa ndani ni mlinzi wa usiku.

Anza na saa mbili

Mtu anayechunguza wizi wa gari haanzi kwa kuuliza nani aliiba. Anaanza kwa kutafuta saa mbili: saa ya mwisho ambayo gari lilithibitika kuwepo, na saa ya kwanza ambayo lilithibitika kuwa halipo. Wizi umetokea kati ya saa hizo mbili. Kazi yote inayofuata ni kuusogeza mwanzo mbele na mwisho nyuma mpaka muda uliobaki uwe mfupi iwezekanavyo.

Katika yadi yetu, daftari la getini linaonyesha kuwa Canter ilirudi Jumamosi saa 8:05 mchana, mita ikisoma kilomita 184,212. Daftari la funguo linaonyesha ufunguo wake ulirudishwa saa 8:10. Dereva amegundua gari halipo Jumatatu saa 1:10 asubuhi. Basi tunachokijua kwa uhakika ni kwamba gari liliondoka ndani ya saa 41 na dakika 5. Huo ni muda mrefu sana. Ndani yake zimepita zamu kadhaa, na kila mlinzi aliyeshika mojawapo yuko katika hali sawa na wenzake.

Hapa ndipo kosa la kwanza lilipoingia. Mkuu wa usafirishaji hakusema saa 41. Alisema usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa sababu watu wengi huamini kuwa wizi ni kazi ya gizani na kwa sababu usiku ule ndio uliokuwa karibu. Ameyafupisha maelezo bila ushahidi, na katika kuyafupisha amewachagua watuhumiwa.

Kosa hilo linaathiri pia upande wa pili, yaani mahali pa kulitafuta gari. Polisi wakiambiwa gari limeibwa saa 9 usiku, na taarifa imefika kituoni saa 1:40 asubuhi, wanajua limekuwa barabarani kwa muda usiofika saa tano. Lori dogo likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa litakuwa limetembea kama kilomita 230, yaani limeipita Morogoro kidogo. Lakini kama liliondoka jioni iliyotangulia, lina saa 14 na kilomita 700. Limeshaiacha Iringa nyuma. Askari wa vizuizi wanaopigiwa simu ni wengine kabisa. Na kama gari halikutoka mjini bali limeingizwa kwenye gereji kukatwa vipuri, saa 14 zinatosha kulifanya lisitambulike.

Daftari la getini na mstari wenye saa nne

Daftari la getini huonekana kitu duni, lakini ndilo kumbukumbu pekee inayoandikwa na mtu aliyekuwa mbele ya gari. Daftari zuri lina safu za tarehe, saa, namba ya gari, jina la dereva, anakokwenda, kilomita, namba ya kibali cha kutoka na sahihi. Kila safu ina kazi yake. Kilomita, kwa mfano, huweza kumuumbua mwongo bila kumuuliza: gari lililorudi likisoma kilomita 184,212 na kutoka siku inayofuata likisoma 184,290 limetembea kilomita 78 ambazo hakuna aliyeziandika.

Katika ukurasa wa Jumapili hakuna mstari wenye namba ya gari letu. Kwa hiyo mkuu wa usafirishaji aliliweka daftari pembeni, akasema halina kitu. Angelisoma ukurasa mzima mstari kwa mstari, angekuta hivi: “11:40, Canter nyeupe, fundi, gereji.” Namba ya gari hakuna. Kilomita hakuna. Namba ya kibali hakuna. Sahihi ni ya mlinzi peke yake.

Swali linalofuata ni la kwetu sisi. Saa 11:40 ni ipi? Mlinzi anayehesabu saa kwa Kiswahili anaweza kumaanisha alfajiri, yaani 05:40 kwenye mtambo, au jioni, yaani 17:40. Aliyezoea kuisoma saa ya simu anaweza kumaanisha karibu na adhuhuri, au usiku karibu na saa sita. Tarakimu ni zilezile, nyakati ni nne, na kila wakati una zamu yake au shughuli zake. Siku nzima inaweza kupotea hapo.

Jibu hutoka kwenye mistari ya jirani. Ukurasa wa Jumapili unaanza na “12:00, zamu” na sahihi mbili za kupokezana. Chini yake kuna 2:30, halafu 4:10, halafu 8:55, halafu 11:40, kisha tena “12:00, zamu” na sahihi mbili. Mtiririko wa namna hiyo unawezekana kwa njia moja tu: mlinzi alipokea zamu saa 12 asubuhi, akaandika kwa saa za Kiswahili mchana kutwa, na akakabidhi saa 12 jioni. Kwa hiyo 11:40 ni saa 11:40 jioni. Canter nyeupe ilitoka jua likiwa bado halijazama, dakika 20 kabla ya zamu kubadilika.

Pana hadhari moja. Daftari linaweza kudanganya, na mtu akilitazama kwa makini ataona dalili. Mstari uliobanwa katikati ya mistari miwili umeongezwa baadaye. Ukurasa mzima wenye mwandiko uliotulia, kalamu moja na nyakati zinazoishia kwenye sifuri na tano tupu huenda uliandikwa kwa mpigo mmoja mwisho wa zamu. Daftari lisilo na namba za kurasa linaweza kuchanwa karatasi bila mtu kujua. Mstari wetu uko mahali pake, kwa wino uleule wa mistari iliyo juu na chini yake. Ni mstari pungufu, lakini hauonekani kuwa wa kubuni. Aliyetaka kuficha gari asingeliandika.

Kamera iliyochelewa dakika 47

Kosa la pili lilitokea mbele ya skrini. Baada ya kurudi kutoka polisi, uongozi ulikaa kutazama picha za kamera ya getini, kuanzia 18:00 ya Jumapili mpaka 06:00 ya Jumatatu. Hawakuona gari. Mmoja aliyekuwa ameona mstari wa 11:40 aliipeleka picha hadi 11:40, akakuta geti limefungwa na paka anapita. Mwingine, aliyeelewa kuwa ni jioni, akaipeleka hadi 17:40. Napo hakuna gari. Wakahitimisha kwamba daftari limeghushiwa, au picha zimefutwa, na kwamba kwa vyovyote walinzi wanahusika.

Hakuna aliyeitazama saa ya mtambo. Mashine ya kurekodia picha ina saa yake, na saa hiyo isipounganishwa na mtandao ili ijirekebishe, huenda ikasogea kidogo kidogo kila mwezi. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani ikiwa imekufa, inaweza kusimama na kuanza tena ikiwa nyuma, au kurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Fundi akiiweka kwa kukadiria, inabaki kwenye makadirio yake miaka yote.

Kuipima ni kazi ya dakika moja. Unaweka simu yenye saa ya mtandao kando ya skrini ya mtambo, saa zote mbili zikionekana, unapiga picha kwa simu nyingine. Katika yadi yetu simu inasoma 09:30 na skrini inasoma 08:43. Mtambo uko nyuma kwa dakika 47.

Lakini hilo linathibitisha tofauti ya Jumatatu tu. Je, Jumapili ilikuwa hivyohivyo? Mchunguzi makini anatafuta tukio la zamani lenye saa inayojulikana kutoka kwingine. Tunalo: kurudi kwa Canter siku ya Jumamosi, daftarini saa 8:05 mchana, yaani 14:05. Kwenye picha, gari linaingia skrini ikisoma 13:18. Ukitoa, unapata dakika 47. Pengo lilikuwepo tangu Jumamosi na halijabadilika.

Sasa turudi kwenye Jumapili. Saa 11:40 jioni ni 17:40. Ondoa dakika 47, utapata 16:53. Peleka picha hapo, na hiyo hapo Canter nyeupe ikipita getini, mlinzi akiwa amesimama na daftari mkononi. Kamera ya yadi nayo, skrini ikisoma 16:51, inaonyesha Canter ikitoka nafasi namba 6, na kuanzia hapo nafasi hiyo inabaki wazi mpaka Jumatatu. Saa 41 zimekuwa dakika mbili. Walinzi wa usiku walipokea yadi ambayo gari lilikuwa limeshatoka.

Mtu anaweza kuwalaumu kwa kutohesabu magari walipopokea zamu, na lawama hiyo ni ya haki. Ila kutohesabu magari ni uzembe wa kazi, si wizi, na ripoti inayochanganya mambo hayo mawili inaweza kumgharimu mtu uhuru wake.

Kamera inaona nini hasa

Picha imepatikana, na kila aliyemo chumbani anasema, “Huyo hapo mwizi!” Hapa pia inafaa kupunguza mwendo. Kamera kuona kitu na kamera kukitambua ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake hupimika.

Picha ya kamera hujengwa na vidoa vidogo vya rangi. Kamera ya kawaida ya siku hizi hutoa picha yenye vidoa 1,920 kwa upana. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kiliweka hatua hivi: ili kumjua mtu unayemfahamu tayari, picha iwe na vidoa 125 kwa kila mita ya mahali alipo, ili kumtambua mtu usiyemjua pasipo shaka, iwe na vidoa 250 kwa mita. Chini ya hapo unaweza kusema kuna mtu, amevaa nini na anakwenda wapi, lakini huwezi kusema ni fulani.

Kamera yetu ya getini imefungwa juu ya paa ili ionyeshe geti, kibanda cha mlinzi na kipande cha barabara kwa pamoja. Eneo lote lina upana wa mita 16. Gawa 1,920 kwa 16, unapata vidoa 120 kwa mita. Haifikii hata hatua ya kumjua mtu wa karibu. Kibao cha namba chenye upana wa karibu nusu mita kinapata vidoa 60 hivi vya kugawana herufi na tarakimu zote, na jioni ile jua lilikuwa limeinama na kivuli cha gari kimeangukia mbele. Namba haisomeki. Dereva anaonekana kuwa mtu mmoja mwenye fulana ya kuakisi mwanga. Sura haipo.

Kwa kamera ileile, bila kununua nyingine, lenzi ikielekezwa kwenye njia ya gari tu, yenye upana wa mita nne, kila mita ingepata vidoa 480. Sura na namba zingesomeka mchana. Usiku ni kazi nyingine, kwa sababu kamera hulazimika kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi katika kila picha. Ikiwa muda huo ni sehemu moja ya 25 ya sekunde, gari linalotembea kilomita 20 kwa saa linasogea sentimita 22 kabla picha haijafungwa, na namba inakuwa mchirizi. Tuta mbele ya geti linalolazimisha gari kusimama kabisa husaidia kamera kuliko taa kali.

Kwa hiyo ripoti ya kweli haisemi kamera imeonyesha Canter yetu ikiibwa na fulani. Inasema kamera ya yadi imeonyesha Canter nyeupe ikitoka nafasi namba 6, ambapo gari letu lilikuwa limeegeshwa tangu Jumamosi, na dakika mbili baadaye kamera ya geti imeonyesha Canter nyeupe inayofanana nayo ikitoka nje. Utambulisho wa gari umetokana na nafasi lilipokuwa, si namba iliyosomwa. Utambulisho wa dereva haupo. Wakili atakayesoma maneno hayo mahakamani hatapata pa kuyabomolea.

Ufunguo uliosafiri bila gari

Limebaki swali la tatu, ambalo ndilo lililomchanganya kila mtu tangu asubuhi: kama ufunguo uko kwenye msumari, gari liliwashwa kwa kitu gani?

Gari la kampuni kwa kawaida huja na funguo mbili. Mmoja wa kazi hukaa kwenye kabati, na wa akiba hufungiwa kwenye bahasha yenye sahihi juu ya gundi na kuwekwa kwenye sefu ya mhasibu. Bahasha ya Canter ilitolewa mbele ya watu watatu. Haijafunguliwa, na ufunguo umo. Funguo zote mbili zipo. Hilo ni muhimu pia kwa bima: kampuni za bima, kabla ya kulipa fidia ya gari lililoibwa kwa wenye bima kubwa, kwa kawaida hudai funguo zote za gari, na mwenye gari anayeshindwa kuzileta huulizwa maswali magumu. Mwenye bima ndogo hana cha kudai, kwa kuwa hiyo hulinda watu wengine dhidi ya madhara ya gari lake tu.

Kwa magari mapya, kichwa cha ufunguo hubeba chipu. Ufunguo wa kuchonga usio na chipu inayotambuliwa na gari unaweza kufungua mlango na kuzunguka, lakini injini haitawaka. Canter yetu ni ya zamani na ufunguo wake ni chuma tupu. Fundi funguo wa mtaani huchonga nakala yake kwa dakika chache, bila kuuliza gari ni la nani. Kwa hiyo swali linageuka: ni lini ufunguo wa Canter ulikaa mikononi mwa mtu kwa muda wa kutosha kufika kwa fundi funguo na kurudi?

Hapo ndipo madaftari mawili yanapowekwa kando kwa kando. Kanuni ni rahisi. Ufunguo unatoka kwenye kabati kwa sababu gari linatoka. Kila mstari wa daftari la funguo unapaswa kuwa na mwenzake kwenye daftari la geti, ufunguo ukitangulia kidogo wakati wa kutoka na kufuata kidogo wakati wa kurudi. Jumamosi, kwa mfano, gari liliingia saa 8:05 na ufunguo ukarudi saa 8:10. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kurudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, mistari yote ya Canter ina wenzake isipokuwa mmoja. Alhamisi moja, siku 18 kabla ya Jumatatu ile, ufunguo namba 6 ulitolewa saa 4:20 asubuhi na kurudishwa saa 9:15 alasiri. Maelezo: “fundi, breki.” Siku hiyo daftari la geti halionyeshi Canter ikitoka wala kuingia. Ufunguo ulikaa nje ya kabati karibu saa tano na gari halikuvuka geti.

Hilo halithibitishi kwamba nakala ilichongwa. Fundi anaweza kuwa alitengeneza breki hapohapo yadini na ufunguo akawa nao mfukoni. Ila sasa kuna swali mahususi, tarehe mahususi na sahihi ya mtu wa kuulizwa. Kama breki zilitengenezwa, kutakuwa na karatasi ya kazi, risiti ya vipuri au dereva aliyekaa bila gari mchana ule. Kama hakuna hata kimoja, mstari ule unakuwa mzito.

Kamera ingeweza kumaliza shauri hilo, lakini picha za Alhamisi ile hazipo. Hakuna aliyezifuta. Kamera moja inayotuma megabiti nne kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku, na kamera nane hujaza kama 346. Diski ya mtambo huu ni ya terabaiti nne, ambayo hutosha siku 11 na nusu. Ikijaa, mtambo huandika picha mpya juu ya za zamani kimyakimya. Maandalizi ya wizi mara nyingi hutangulia wizi wenyewe kwa wiki kadhaa, na yadi yenye kumbukumbu ya siku 11 itaona gari likiondoka tu. Diski kubwa zaidi, au kurekodi pale tu kinapotokea kitu kinachosogea, huongeza siku hizo kwa gharama ndogo.

Kwa nini geti lilifunguliwa

Mlinzi wa mchana alipoulizwa bila vitisho, alijibu sawasawa na alivyoandika. Alikuja mtu akasema yeye ni msaidizi wa fundi, ametumwa kuipeleka Canter gereji ili iwe tayari Jumatatu. Alitaja jina la fundi ambaye mlinzi anamfahamu. Alikuwa na ufunguo mkononi. Kibali hakuwa nacho, lakini Jumapili hakuna mtu ofisini wa kuandika kibali, na si mara ya kwanza gari kutoka wikiendi kwa neno la mdomo.

Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli au ya kupanga, na polisi watayapima. Lakini yanafichua tundu ambalo halikutobolewa na mlinzi. Kanuni ya kampuni inasema gari halitoki bila kibali, na uongozi wenyewe uliizoesha geti kwamba Jumamosi na Jumapili kanuni hiyo inalala. Mlinzi aliyekataa wiki zilizopita alipigiwa simu na kukaripiwa kwamba anachelewesha kazi. Yeyote aliyepanga wizi huu aliijua tabia hiyo, ndiyo maana hakuja usiku. Usiku gari linalotoka lingeshtua. Jioni ya Jumapili, karibu na kubadilishana zamu, linaonekana la kazi.

Dawa yake haihitaji mtambo. Mtu mwenye mamlaka anateuliwa kila wikiendi, namba yake ya simu inabandikwa kibandani, na mlinzi ndiye anayempigia yeye, si kupokea simu anayopewa na mgeni. Jina na saa ya simu hiyo vinaandikwa kwenye safu ya kibali.

Maelezo yanayosimama

Ripoti inayopelekwa polisi ina sehemu ya kulitambua gari na sehemu ya kueleza tukio. Katika sehemu ya kwanza, namba ya usajili ndiyo dhaifu kuliko zote, maana vibao hubadilishwa kwa dakika chache. Namba ya chasisi na ya injini, zilizo kwenye kadi ya gari, ndizo zinazodumu, na namba ya chasisi ndiyo inayoweza kuingizwa na polisi kwenye hazina ya Interpol ya magari yaliyoibwa, iwapo gari litavushwa mpaka. Baada ya hapo huja alama ambazo mtu aliyelizoea tu angezijua: bodi limechomelewa kona ya kushoto, kiti cha abiria kina kitambaa tofauti, taa ya nyuma si ya jozi. Gari likikamatwa limepakwa rangi nyingine, alama hizo ndizo zitakazomwezesha dereva kulitambua mbele ya hakimu.

Sehemu ya pili, ya tukio, inaweza kuandikwa hivi: “Jumapili, saa 11:38 jioni kwa saa iliyosahihishwa (mtambo unasoma 16:51, uko nyuma kwa dakika 47, kipimo kimeambatishwa), kamera ya yadi inaonyesha Canter nyeupe ikitoka nafasi namba 6. Saa 11:40 jioni daftari la geti, kwa mwandiko wa mlinzi wa zamu ya mchana, linaonyesha Canter nyeupe isiyoandikwa namba ikitoka na ‘fundi’. Hakuna kibali. Funguo zote mbili zipo. Siku 17 kabla, ufunguo ulitolewa karibu saa tano bila gari kutoka. Sababu yake bado haijathibitishwa.”

Kila sentensi inaonyesha ilikotoka, na hakuna jina la mwizi ndani yake. Uongozi ulitaka liwemo. Ukaambiwa, na kwa haki, kwamba kazi ya kampuni ni kukabidhi kinachojulikana bila kukiongezea, na kazi ya kumtaja mtu ni ya upelelezi.

Picha nazo hukabidhiwa kwa uangalifu. Video ya skrini iliyopigwa kwa simu na kurushwa kwenye kundi la wafanyakazi inasaidia kueneza habari, lakini ni ushahidi dhaifu. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime uzito wa ushahidi wa kielektroniki kwa kutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi uhalisi wake ulivyolindwa. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha mtu anayehusika na mtambo uliotoa kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo faili hunakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye mtambo siku hiyohiyo, kamera zote, kwa muda mrefu kidogo kabla na baada ya tukio. Aliyenakili anaandika jina, saa na kifaa alichotumia, na nakala moja inafungiwa isiguswe. Madaftari mawili yanaondolewa kwenye matumizi, na mapya yanafunguliwa.

Yote haya yanawezekana ndani ya asubuhi moja. Kupima saa ya mtambo kunachukua dakika, kusoma ukurasa mzima wa daftari kunachukua dakika kumi, kulinganisha funguo na geti kwa wiki tatu kunachukua saa mbili. Walinzi wawili wa usiku walitajwa polisi kabla ya lolote kati ya hayo kufanyika. Kampuni inayompa mtu kirungu, daftari na jukumu la mali ya mamilioni ina deni kwake: kuyasoma aliyoyaandika, kwa ukamilifu, kabla ya kumtuhumu.